Droo haifungi jioni: shoti iandikwe wapi, na ziada iende wapi?

Shikamoo mama,

Nasimamia duka lenye droo mbili na makeshia wawili. Jioni tukihesabu, mara shoti, mara ziada. Aliyenitangulia alinifundisha kuweka bahasha: ziada inaingia humo, shoti inazibwa kutoka humo. Bahasha isipotosha, naandika mauzo sawa na fedha niliyoikuta ili kitabu kikubali.

Jana droo ya kwanza ilianza na chenji ya 50,000. Mauzo ya taslimu kwenye mashine ni 647,500. Mteja mmoja alirudisha bidhaa akapewa 12,500, kuna vocha ya vifaa vya usafi ya 4,800, na mchana nilitoa 400,000 nikaziweka kwenye sefu. Jioni nilikuta 276,600, yaani shoti ya 3,600. Droo ya pili iliuza taslimu 391,000, hakuna kilichotoka, na ukiondoa chenji ya kuanzia nilikuta 393,000. Nikachukua ile 2,000, nikaongeza 1,600 ya bahasha, siku ikafunga.

Sasa mwenye duka anauliza mbona hesabu zetu hazikosei hata siku moja. Nimesikia kuna akaunti ya upungufu na ziada ya fedha. Inaandikwaje? Na shoti, nimkate keshia?

Msimamizi wa kaunta

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujagusa leja, katoe ile vocha ya vifaa vya usafi uiweke kando ya risiti aliyoleta mtu aliyetumwa kununua. Zitazame tarakimu moja moja. Nakutuma huko kwa sababu 3,600 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi huzaliwa na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kuandika. Nimezigeuza namba zako zote za droo ya kwanza, na ni moja tu inayotoa pengo hilo hilo: kama vifaa vile vilinunuliwa kwa 8,400 na mwandishi akaandika 4,800, tofauti ni 3,600 kamili. Hiyo ni dalili, si hukumu. Zipo tofauti nyingi zinazogawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Lakini kuzilinganisha karatasi mbili ni kazi ya dakika mbili, na dakika hizo zinaweza kumwondolea keshia wako lawama ambayo si yake.

Ikiwa risiti inasema 8,400, basi jana droo ya kwanza haikuwa na shoti hata kidogo. Unasahihisha vocha, mnatia saini wewe na aliyeiandika, na habari imeisha. Akaunti ya upungufu na ziada haiguswi. Watu wengi huigeuza kuwa shimo la kutupia kila kisichokubali, na hapo ndipo inapopoteza maana yake. Kinachoingia humo ni kile tu kilichobaki baada ya kutafuta na kukosa.

Kutafuta kwenyewe kuna mpangilio wake, na hauhitaji usiku kucha. Kwanza fedha ihesabiwe upya na mtu mwingine, si yule yule, kwa sababu jicho lililokosea mara ya kwanza hupita palepale mara ya pili. Ivuteni droo yote nje na mtazame nyuma yake na chini ya trei. Noti ikisukumwa kwa haraka hupenya kwenye ukingo ikalala huko, na hutaiona kwa kuitazama droo kutoka juu. Kama tofauti ni sawa na thamani ya noti moja kamili, mashaka yangu ya kwanza huwa ni bunda lililohesabiwa vibaya au noti mbili mpya zilizoshikana.

Kisha tazama kama tofauti inalingana na muamala mmoja mzima wa siku ile. Mteja amelipa kwa simu au kwa kadi, keshia amebonyeza taslimu: mashine itadai fedha ambayo haikuwahi kuingia kwenye droo, na upande wa pili malipo ya simu yatazidi kwa kiasi kile kile. Ukiona shoti huku na ziada kule, namba moja, umeshapata jibu. Na ukiona tofauti ambayo nusu yake ni muamala unaoujua, fikiria kitu kilichoandikwa kinyume. Yale marejesho yako ya 12,500, kama keshia angeyaingiza kimakosa kama mauzo, yangeleta shoti ya 25,000: kiasi kimoja kwa kuongezwa kisipostahili, na kiasi kingine kwa kutoondolewa kilipostahili.

Marejesho yana mtego mwingine. Isome vizuri ripoti ya Z inayotoka kwenye mashine mnapofunga siku. Mashine nyingine huonyesha mauzo ya taslimu kabla ya kuondoa marejesho, nyingine huonyesha yaliyokwisha kupunguzwa. Namba zako nimezichukulia kuwa za aina ya kwanza. Kama mashine imekwisha kuondoa na wewe unaondoa tena, kila siku yenye marejesho itakupa ziada ya uongo, sawasawa na kiasi kilichorudishwa. Ukiiona ziada ya aina hiyo mara mbili tatu, tatizo si keshia, ni namna ripoti inavyosomwa.

Sasa tuseme umeangalia yote, risiti inasema 4,800 kweli, na 3,600 haijaonekana. Hapo ndipo tunaandika.

Jambo la kwanza, na ndilo ambalo bahasha yako imelivunja muda wote huu, ni kwamba mauzo ni yale yaliyo kwenye mashine. Si fedha uliyoikuta. Duka liliuza 647,500 kwa taslimu, bidhaa zikatoka stoo kwa thamani hiyo, na kama kuna kodi ya mauzo inadaiwa juu ya namba hiyo. Kwamba jioni fedha imepungua ni tukio jingine kabisa, nalo linastahili mstari wake. Ukiyashusha mauzo ili yalingane na droo, unakuwa umeandika matukio mawili kama moja, na hakuna mtu atakayeweza kuyatenganisha baadaye.

Droo ilipaswa kuwa na nini? Chenji ya kuanzia 50,000, ongeza 647,500, toa 12,500, toa 4,800, toa 400,000 za sefu: inabaki 280,200. Mlikuta 276,600. Chenji ya 50,000 inabaki kwenye droo kwa ajili ya kesho, kwa hiyo fedha ya siku ile inayokwenda benki ni 226,600 kutoka droo na 400,000 kutoka sefu, jumla 626,600. Ingizo la droo ya kwanza litakuwa hivi:

Debiti: Fedha 626,600
Debiti: Marejesho ya mauzo 12,500
Debiti: Gharama za usafi 4,800
Debiti: Upungufu na Ziada ya Fedha 3,600
Krediti: Mauzo 647,500

Jumlisha upande wa debiti uone: inafika 647,500, na mauzo hayajaguswa. Shoti imekaa upande wa debiti kwa sababu ina tabia ya gharama. Ni fedha ya duka ambayo duka halinayo.

Droo ya pili iandikwe peke yake:

Debiti: Fedha 393,000
Krediti: Mauzo 391,000
Krediti: Upungufu na Ziada ya Fedha 2,000

Ziada imekaa upande wa krediti kwa sababu ina tabia ya mapato. Ona kwamba sikuitoa 2,000 kwenye 3,600 nikaandika 1,600 moja. Droo mbili, makeshia wawili, matukio mawili. Kwenye maelezo ya kila mstari andika tarehe, namba ya droo na zamu. Bila maelezo hayo, mwisho wa mwezi utakuwa na rundo la namba zisizo na mwenyewe, na akaunti itakuambia tu kwamba kuna tofauti, haitakuambia iko wapi.

Nataka tukae kidogo kwenye hiyo 2,000, maana barua yako imeiona shoti kuwa ni ugonjwa na ziada kuwa ni dawa yake. Mimi nilikaa kaunta miaka kadhaa kabla sijahamia vitabu, na nakwambia kwa dhati kwamba ziada ilinitia hofu kuliko shoti. Shoti ina mwenye kuumia mmoja anayejulikana, yaani duka. Ziada ina mtu ambaye hayupo mbele yako. Huenda ni mteja aliyeondoka na chenji pungufu bila kujua. Siku moja droo yangu ilizidi, tukaiandika kwenye fomu na kwenye akaunti, tukalala. Asubuhi akaja mama mtu mzima na risiti yake mkononi, anasema kwa aibu kwamba alipofika nyumbani aliona amepewa pungufu. Saa ya risiti ilikuwa ya zamu yangu, na kiasi alichotaja kililingana na ziada ya jana yake. Alirudishiwa pale pale. Ingizo lake ni jepesi: debiti Upungufu na Ziada, krediti Fedha, na ziada ya jana imefutika kwa haki. Sasa fikiria kama ile fedha ingekuwa imekwisha kuziba shoti ya mwenzangu. Tungemwambia nini? Kitabu kingekuwa kinasema siku ile ilifunga sawasawa, na yule mama angeonekana mwongo.

Maana ya pili ya ziada ni bidhaa iliyouzwa bila kupigwa kwenye mashine. Fedha imeingia, mauzo hayajaandikwa. Mara nyingine ni haraka tu: foleni ndefu, mteja ana fedha kamili mkononi, keshia anapokea, anafungua droo na kusahau kupiga. Mara nyingine ndiyo njia ya wizi wenyewe. Keshia anapokea bila kupiga risiti, anaiacha fedha kwenye droo, anaweka hesabu kichwani au kwa alama kwenye kikaratasi, halafu kabla ya kufunga anachukua kilicho chake. Akikosea hesabu, au akinyimwa nafasi ya kuchukua kwa sababu wewe umefika mapema, kinachobaki kwenye droo ndiyo ziada yako. Utaitambuaje? Tazama kwenye kumbukumbu za mashine ni mara ngapi droo imefunguliwa bila mauzo, na ni miamala mingapi imefutwa baada ya kupigwa. Droo inayozidi mara kwa mara na inayofunguliwa bila mauzo mara nyingi kuliko ya jirani yake inataka mtu akae karibu nayo. Linganisha pia na stoo: bidhaa ikipungua rafuni bila kuonekana kwenye mauzo, huku droo inazidi, vitu hivyo viwili vinazungumza habari moja.

Lakini tafadhali usimnyooshee mtu kidole kwa ziada moja. Mfululizo ndio unaosema, na mfululizo hauonekani isipokuwa kila siku imeandikwa ilivyo. Tuseme mwezi umeisha na akaunti yako ina debiti za 14,200 na krediti za 11,900. Salio ni debiti ya 2,300. Mtu akitazama salio peke yake atasema ni kiasi kidogo, tuendelee. Sasa igawe kwa droo. Unakuta droo ya kwanza ilipata shoti siku tatu tu, jumla 10,800. Droo ya pili ilipata shoti mbili ndogo za jumla 3,400, na ziada siku tisa, jumla 11,900. Hapo picha inageuka kabisa. Droo ya kwanza ina keshia ambaye siku nyingi hesabu yake ni sawa, halafu siku tatu ikapotea fedha ya maana: zitazame siku hizo tatu, nani mwingine alikuwa na ufunguo, nani alimshikia kaunta alipokwenda kula. Droo ya pili ina ziada ndogo karibu kila siku ya tatu. Hilo si ajali, ni mazoea. Ama chenji ndogo hairudishwi kwa wateja, ama kuna kisichopigwa. Salio la 2,300 lingekuficha yote mawili, na bahasha ingekuficha hata hilo salio.

Bahasha ina ubaya mwingine unaokaa kwa watu, si kwenye namba. Makeshia wako wanajua ipo. Anayejua kwamba shoti itazibwa hana haja ya kuhesabu chenji mara mbili, na mwenye nia mbaya anajua anaweza kuchukua kidogo kila jioni bila kuonekana. Wewe nawe umejiweka pabaya: umeshika fedha ya duka isiyo na kitabu. Ikipotea, utaonyesha nini? Mwenye duka amekuuliza swali sahihi. Duka linaloshika taslimu siku nzima, lenye watu wenye mikono ya damu na nyama, haliwezi kufunga bila tofauti mwaka mzima. Kitabu kinachokubali kila jioni kimesaidiwa.

Namna ya kuhesabu nayo ibadilike. Keshia ahesabu fedha yake kabla ripoti ya Z haijatolewa, na kabla hajajua mashine inadai kiasi gani. Awe na fomu yenye mstari kwa kila aina ya noti na sarafu: vipande vingapi, thamani gani, jumla gani. Ajaze kwa kalamu ya wino, atie saini. Ndipo wewe utoe ripoti, upige hesabu ya kinachopaswa kuwepo, uandike tofauti kwenye fomu ile ile, na utie saini yako. Ukimpa namba ya mashine kwanza, mkono wake utaitafuta namba hiyo. Hata mtu mwaminifu akiona amebakiza kidogo kufikia, atahesabu tena mpaka ifike, na akifika ataacha, hata kama amekosea. Mwenye ziada naye ataona kiasi cha kuchomoa bila droo kuonyesha pengo.

Na kila keshia awe na droo yake na ufunguo wake kwa zamu nzima. Droo inayoguswa na watu watatu haina mwenyewe, na shoti yake huwezi kumuuliza mtu. Akienda kula, afunge. Anayempokea aanze na chenji yake iliyohesabiwa na kusainiwa.

Mwisho wa kipindi salio la akaunti hii linafungwa kama akaunti nyingine za mapato na gharama. Likiwa debiti, linaingia kwenye gharama ndogondogo za kipindi. Likiwa krediti, linaingia kwenye mapato mengineyo. Kipindi kipya kinaanza na sifuri, lakini fomu za kila siku usizitupe, maana salio halina kumbukumbu ya droo ila kwa fomu hizo.

Kuhusu kumkata keshia, polepole hapo. Kuandika shoti kwenye akaunti hii hakumfanyi mtu kuwa na deni. Akaunti inasema fedha haikuonekana, haisemi nani ameichukua. Makato ya mshahara yanaongozwa na sheria ya kazi ya mahali mlipo na mkataba aliosaini, kwa hiyo soma hivyo viwili kwanza, au mwombe mwenye duka aulize kwa anayejua. Usiamue jioni ukiwa na hasira. Ikiwa kwa utaratibu halali keshia amekubali kwa maandishi kulipa 3,600, ndipo unapoihamisha: debiti akaunti ya wadaiwa kwa jina lake, krediti Upungufu na Ziada. Akilipa, unadebiti Fedha na kukrediti jina lake. Huwezi kumkata kimyakimya huku shoti imebaki kwenye gharama; hapo vitabu vitaonyesha hasara ambayo duka limekwisha kulipwa, na yeye hana karatasi ya kuonyesha. Na ukitaka kuwa mwenye haki, jiulize kama unaomkata kwa shoti uliwahi kumwuliza kuhusu ziada. Makeshia wanaokatwa kila shoti hujifunza upesi kuweka bahasha zao wenyewe: siku ya ziada wanaitoa kabla ya kuhesabu, siku ya shoti wanairudisha. Utarudi kwenye hesabu zinazokubali kila siku, safari hii bila wewe kujua.

Jiwekeeni pia kiwango. Kaa na mwenye duka mkubaliane ni tofauti kiasi gani inaandikwa tu na kuachwa, na kuanzia kiasi gani siku haifungwi mpaka yeye amepigiwa simu. Kiwango kinategemea wingi wa taslimu inayopita, nanyi ndio mnaolijua duka. Tofauti inayovuka hapo ichunguzwe kwa maandishi. Na ikithibitika kuwa ni wizi, isiachwe ndani ya Upungufu na Ziada ikamezwa pamoja na makosa ya chenji. Itolewe humo iende kwenye akaunti ya hasara ya wizi, au ya mdaiwa kama kuna wa kudaiwa, ili yeyote atakayesoma vitabu ajue kilichotokea.

Limebaki la bahasha yenyewe. Usiitumie tena leo kuziba kitu, na usiigawe nyuma kwa siku zilizopita kwa kukisia. Mwite mwenye duka, mwambie ukweli wote kama ulivyoniambia mimi, mwihesabu pamoja, mtie saini nyote wawili. Fedha ipelekwe benki, na iandikwe kwa tarehe ya leo: debiti Fedha, krediti Upungufu na Ziada, maelezo yakiwa "ziada za nyuma zilizokuwa nje ya vitabu". Kwa jana, zile 3,600 ulizoingiza droo ya kwanza zitoke kwenye hesabu: 2,000 zirudi droo ya pili zilikotoka, 1,600 zirudi kwenye bahasha kabla haijahesabiwa, kisha maingizo mawili niliyokuandikia yachukue nafasi yake. Halafu zitoe ripoti za Z za miezi iliyopita, uzipange kwa tarehe, na kila siku ambayo uliandika mauzo tofauti na ripoti uiwekee alama. Hizo ndizo siku ambazo mauzo, na pengine kodi, yameandikwa pungufu au zaidi, na mhasibu wa duka atazihitaji moja moja ili kuzisahihisha. Anza na mwezi uliopita, ungali unakumbuka.